Kibao kimekosewa ritifaa: namna ya kujua kosa limetoka wapi

Mwongozo huu ni wa mafundi wa mabango, wenye steshenari za kuchapa menyu, na wafanyabiashara wa hapa Tanga wanaotaka kibao chao cha Kiingereza kisomeke sawasawa. Unahusu alama moja tu, ritifaa, ambayo wateja wengi huiita mkato wa juu na wengine kidoti. Kuanzia Soko la Mgandini mpaka Raskazone huwezi kumaliza mtaa bila kukuta iliyokaa mahali pasipo pake, na mara nyingi hapohapo jirani kuna kibao kinachoihitaji na hakina.

Kwenye maneno ya Kiswahili ritifaa haina ugomvi na mtu. Inakaa kwenye ng', kama ng'ombe na ng'onda, inaonyesha sauti, basi. Haisemi ng'ombe ni wangapi wala ni wa nani. Kwenye Kiingereza ina kazi mbili: kuonyesha kwamba kuna herufi zimeachwa, na kuonyesha mwenye kitu. Wingi haumo. Tatizo ni kwamba s ya wingi na s ya mwenye kitu zinasikika sawa kabisa mdomoni. Fundi anayeandika kwa sikio hawezi kuzitenganisha, kwa hiyo anaichukua ritifaa na s yake kama kipande kimoja cha Kiingereza na kukipachika popote anaposikia "s" mwishoni.

Kwa hiyo usianze na kanuni za kitabuni. Anza na maswali mawili, kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: yupo mwenyewe? Liseme neno la kibaoni kwa Kiswahili, kisha jaribu kuweka "-ake" au "-ao". Duka la Abbas: duka lake. Inakubali, kwa hiyo ritifaa inahitajika. Saluni ya wanawake: saluni yao. Inakubali. Chipsi: hakuna "ya" wala "la", hakuna mwenyewe, hakuna ritifaa. Sasa angalia juisi ya embe. Hapo "ya" ipo, na ndipo mafundi wengi wanapojikwaa wakaandika "MANGO'S JUICE". Lakini embe halina juisi yake. Juisi imetokana nalo. "-a" inayotaja kitu kilichotengenezwa kwa nini au cha aina gani, Kiingereza huiacha na kupanga majina mawili bila kiungo: "MANGO JUICE", "FISH SOUP", "BEEF STEW".

Swali la pili ni la mahali pa kuiweka, nalo linajibiwa kwa kidole gumba. Funika ritifaa na kila kilicho kulia kwake. Kilichobaki kushoto lazima kiwe neno kamili, na kiwe ndiyo mwenyewe unayemkusudia, kwa umoja au wingi wake. Kama kimebaki kisichokuwa neno, au kimebaki jina la mtu mwingine, ritifaa imekaa vibaya.

Dalili: ritifaa imekaa kwenye bidhaa

"CHIP'S", "SODA'S", "SAMOSA'S", "ORANGE'S FROM MUHEZA". Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na si ya hapa tu. Waingereza wenyewe wana jina la kejeli kwa kosa hili, na jina hilo linawataja wauza mboga, kwa sababu ni kwenye vibao vyao vya bei ndipo liliposhamiri. Mwaka 2001 mwandishi wa habari mstaafu, John Richards, alianzisha huko Boston, Lincolnshire, chama cha kuitetea ritifaa. Mwaka 2019 alikifunga akisema ujinga na uvivu vimeshinda.

Tazama lakini ni maneno yapi yanayoumwa zaidi. "SODA'S", "SAMOSA'S", "CHAPATI'S", "PHOTO'S", "PIZZA'S". Yote yanaishia na irabu. Ukiandika "SAMOSAS" au "CHAPATIS", macho yanasita, mtu anaona kama jina limeharibiwa na mkia uliobandikwa. Ritifaa inatumika kama ukuta mdogo wa kulinda neno. Hisia hiyo ni ya zamani: karne ya 17 na ya 18 Waingereza wenyewe waliandika wingi wa maneno ya kigeni yenye kuishia na irabu kwa kuweka ritifaa, na Waholanzi mpaka leo wanaandika "foto's" na "taxi's" na ni sahihi kwao. Sisi ambao karibu kila neno letu linaishia na irabu tunaipata hisia hiyo mara dufu. Kwa Kiingereza cha leo, hata hivyo, ni kosa.

Tiba ni kuiondoa alama na kuacha s: "SODAS", "SAMOSAS", "ORANGES". Kama "CHAPATIS" bado inakukera, kuna njia safi zaidi: acha jina la Kiswahili bila s. "CHAPATI", "MISHKAKI", "KACHORI" na "KAIMATI" kwenye menyu ya Kiingereza hazimpotezi mgeni. Mishkaki tayari ni wingi, kuiongezea s ni kumvisha mtu kanzu mbili.

Dalili: saluni

Hapa nakaa kidogo, maana saluni ina magonjwa mengi kuliko mgahawa. Nimeona "LADIE'S", "LADY'S", "LADYS", "LADIES" na "LADIES'" kwenye barabara moja ya Ngamiani. Pitisha kidole gumba. "LADIE'S" inabakiza LADIE, neno lisilokuwepo, kosa limethibitika. "LADY'S" inabakiza LADY, neno zima, lakini ni mwanamke mmoja. Kama saluni ina mteja mmoja tu, sawa. "LADIES'" inabakiza LADIES, wanawake wengi, ndio wenyewe. "LADIES SALON" bila alama yoyote nayo inapita, kwa sababu wengi wanalichukua neno la mwanzo kama linalotaja aina ya saluni tu, na magazeti mengi ya Kiingereza yanakubali hivyo. "LADYS" haipiti kwa njia yoyote.

(Kama kibao kinasema "SALOON", huo ni ugonjwa mwingine. Neno hilo ni la baa au la aina ya gari. La nywele lina o moja.)

Mteja mmoja, mama wa makamo, alikuja kuchukua kibao chake akakiangalia kwa muda.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kidoti changu umekiweka mwisho kabisa, baada ya S? Cha jirani kiko kabla."

"Cha jirani ukikifunika kwa kidole kinabaki LADIE, Bi Mkubwa. Neno hilo halipo."

Akafunika kwa kidole chake, akafunua, akafunika tena. "Na mtu akipita atajua?"

"Mgeni atajua."

"Haya. Lakini kikuze kidogo, kisije kikaonekana msumari."

Alikuwa na haki. Ritifaa inayokuja baada ya S ya mwisho, pembeni ya kibao, ikiwa ndogo na karibu na skrubu ya kona, haisomeki kama alama. Isogeze skrubu, au acha nafasi ya herufi moja nzima kabla ya ukingo.

Saluni za wanaume hazina tabu kubwa. "GENTS" kwa mlango wa choo haihitaji kitu. "GENT'S" ni bwana mmoja, mwenye bahati.

Dalili: wingi usiokuwa na s

"WOMENS'", "CHILDRENS'", "MENS". Kiingereza kina maneno machache yanayobadilika kwa ndani yanapokuwa mengi, na hayachukui s ya wingi kabisa. Kwa hiyo s unayoisikia kwenye "viatu vya watoto" ni ya mwenyewe peke yake, na ritifaa lazima ije kabla yake: "CHILDREN'S SHOES", "WOMEN'S WEAR", "MEN'S WEAR". Kidole kinathibitisha: CHILDREN ni neno, CHILDRENS si neno. Linganisha na Sikukuu ya Wakulima, Nane Nane yetu, ambayo kwa Kiingereza ni "FARMERS' DAY": hapo wingi una s yake, kwa hiyo alama inakuja nyuma.

Dalili: mwenye duka amebadilika jina

Hili ndilo linalowaudhi wateja, na ni haki yao. Pwani tuna kina Abbas, Yunus, Anas na Elias. Fundi anasikia s mwishoni, anadhani ni ile ya Kiingereza, anaikata kwa ritifaa: "ABBA'S SHOP", "YUNU'S GARAGE". Funika kwa kidole: amebaki Abba, mtu mwingine kabisa. S hiyo ni ya jina alilopewa na wazazi wake, haiguswi. Andika jina lote kwanza, kisha ritifaa: "ABBAS'S SHOP" au "ABBAS' SHOP". Zote mbili zinakubalika. Ya kwanza inafuata jinsi watu wengi wanavyotamka, ya pili inaokoa nafasi kwenye kibao chembamba. Chagua moja uitumie pote, kwenye kibao na kwenye risiti.

Sababu nyingine ya dalili hiyohiyo ni ritifaa kuangukia neno la mwisho badala ya mwenyewe, kama "BI MKUBWA RESTAURANT'S". Mtu amesikia kwamba mgahawa wa mtu una 's, akaiweka mwisho wa mstari. Kidole kitakuonyesha RESTAURANT, neno zima, lakini swali la kwanza linagoma: mwenyewe ni mgahawa au Bi Mkubwa?

Dalili: "IT'S" kwenye tangazo la gesti

"THE HOTEL AND IT'S STAFF". Swahilisha tena. Ukisoma "ni" au "ime-", ritifaa ibaki, kwa sababu herufi zimeachwa: "IT'S OPEN", ni wazi. Ukisoma "wake" au "yake", ritifaa itoke: "ITS STAFF", wafanyakazi wake. Hapa Kiingereza kinajipinga chenyewe, maana huyu ni mwenyewe na bado hana alama. Lakini hata "HIS" na "HERS" hazina. Mara nyingi mkosaji ni simu. Mteja anatuma maneno kwa WhatsApp, kibodi ya Kiingereza inamsahihishia "its" kuwa "it's", nawe unanakili na kubandika kama ilivyokuja.

Mengine nayapitisha haraka. Vifupisho havihitaji: "TVs", "CDs", "ATMs". Herufi moja pekee inaweza kubaki nayo, kama shule inayotangaza wanafunzi wenye "A's", kwa kuwa bila alama inasomeka neno lingine. Na vipindi vya muda vinachukua ritifaa japo siku haimiliki kitu: "TODAY'S MENU", "ONE DAY'S NOTICE", "TWO WEEKS' NOTICE".

Dalili: umeandika sahihi, kibao kimetoka kibaya

Hapa kosa haliko kwenye lugha, liko kwenye kompyuta au kwenye stika.

Kama alama imelala upande usio wake, angalia kitufe kilichobonyezwa. Kile cha juu kushoto, chini ya Esc, ni alama nyingine kabisa. Ritifaa ya kuchapwa ina umbo la mkato ulioinuliwa, kichwa kizito juu na mkia ukielekea kushoto. Hizi hapa kwa kulinganisha:

```
ABBAS’S   sahihi kwa kuchapa
ABBAS'S   ya kibodi, inakubalika
ABBAS‘S   imegeuka
ABBAS`S   kitufe cha chini ya Esc
```

Kwenye Windows, washa Num Lock, shikilia Alt, andika 0146 kwa namba za pembeni, uachie. Itatoka ile ya kwanza. Kwenye simu nyingi, bonyeza ritifaa na uishikilie, zitajitokeza za kuchagua. Inapogeuka ni pale inapokuwa mwanzo wa neno, kama bango la muziki wa miaka ya ’90: programu inadhani unafungua nukuu. Andika mbili mfululizo, kisha ufute ya kwanza.

Kama mahali pa alama pametoka kisanduku kitupu, fonti uliyoipakua haina alama hiyo. Usibadilishe fonti ya herufi moja, itaonekana kiraka. Andika mkato wa kawaida kwa fonti ileile, uinue mpaka kichwa chake kilingane na juu ya herufi kubwa. Kwa fonti nyingi umbo ni lilelile.

Kama kwenye faili ipo na kibaoni haipo, imepotea mezani. Plota imekata, kijana anang'oa mabaki ya stika, na kipande kidogo kuliko vyote kinaondoka na takataka. Kinachonusurika hapo kinaweza kubanduka baadaye, kwa kuwa kipande kidogo kina gundi kidogo, na vumbi na unyevunyevu wa pwani vinaingia kwa pembeni. Ndivyo "supu ya ng'ombe" inavyogeuka "supu ya ngombe" pia. Hesabu ritifaa kwenye faili, uzihesabu tena kwenye karatasi ya kubebea herufi kabla hujabandika. Na kwa herufi ndogo, inenepeshe alama kidogo kwenye faili kabla ya kukata.

Menyu moja, mstari kwa mstari

Tuchukue ubao wa mfano wa mgahawa, wenye mchanganyiko wa makosa yanayokuja kila siku:

```
BI MKUBWA RESTAURANT'S
TODAY MENU
FISH'S SOUP
CHIP'S & EGG'S
MANGO'S JUICE
ABBA'S SPECIAL BIRIANI
CUSTOMER'S ARE NOT ALLOWED
TO BRING DRINK'S
```

Mgahawa wa nani? Wa Bi Mkubwa, kwa hiyo alama inahamia kwake. Menyu ya leo ni muda, inataka ritifaa na haikuipata. Supu ya samaki na juisi ya embe ni vitu vilivyotokana na vitu, ritifaa zake zinaondoka zote mbili, na s zake pia. Chipsi na mayai ni wingi tu: s inabaki, alama inatoka. Biriani ni ya mpishi Abbas, arudishiwe s yake. Mstari wa wateja ndio wa kuangalia kwa makini, kwa sababu "CUSTOMER" ni mtu na mtu anaweza kumiliki, ndiyo maana fundi alidanganyika. Lakini uliza: nini chao? Baada ya wateja hakuja kitu, limekuja tendo: hawaruhusiwi. Hakuna kinachomilikiwa. Na vinywaji ni bidhaa.

```
BI MKUBWA'S RESTAURANT
TODAY'S MENU
FISH SOUP
CHIPS & EGGS
MANGO JUICE
ABBAS'S SPECIAL BIRIANI
CUSTOMERS ARE NOT ALLOWED
TO BRING DRINKS
```

Ritifaa zilikuwa nane, zimebaki tatu, na hakuna hata moja kati ya nane iliyokuwa mahali pake.

Kurekebisha kilichokwisha kutundikwa

Kuondoa ni rahisi kuliko kuongeza, ila kunaacha pengo. Kwenye "CHIP'S" ukibandua alama, P na S zinabaki zimeachana, na jicho linaona bado kuna kitu. Kwa stika, bandua S pia uisogeze. Kwa rangi ya mkono, paka rangi ya chini juu ya alama na S, iache ikauke kabisa, kisha uandike S upya karibu zaidi. Bango la fleksi halifutiki; funika neno lote kwa stika ya rangi ya mandharinyuma yenye neno jipya, usijaribu kuziba alama peke yake, kwa sababu rangi ya fleksi iliyopigwa jua hailingani tena na stika mpya na kiraka kidogo kitaonekana zaidi kuliko kosa. Kuongeza ritifaa iliyosahauliwa inawezekana kama kuna nafasi juu, kati ya herufi mbili. Ibandike ikibanana kidogo badala ya kusogeza neno zima.

Jina la biashara ni jambo jingine. Kabla hujamsahihisha mteja, muombe cheti cha BRELA usome jina lilivyosajiliwa, kwa sababu kibao, leseni na mhuri vinapaswa kulingana. Kama cheti kinasema "ABBAS SHOP" bila alama, andika hivyohivyo. Jina ni la mwenyewe kulichagua: duka kubwa la vitabu la Uingereza lililokuwa Waterstone's liliitoa ritifaa kwenye jina lake mwaka 2012, likawa Waterstones, na wapiga kelele hawakulibadilisha. Lakini kama cheti kinasema "ABBA'S" na mwenye duka ni Abbas, mwambie mapema, kabla hujakata stika, ili aamue kama anabadilisha usajili au anaishi na jina hilo. Mistari ya chini, ile ya soda na sambusa, haimo kwenye cheti chochote, na hiyo unaweza kuisahihisha bila kumuuliza mtu.